Brusela: Ugonjwa Mmoja Katika Madaftari Mawili

Brusela ni ugonjwa wa bakteria unaoishi kwenye mifugo na kumwingia binadamu kwa njia kuu mbili: maziwa mabichi, na mikono inayomzalisha mnyama. Wafugaji wengi wanaufahamu kwa upande wa ng'ombe, ambako huitwa ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa upande wa mtu hauna jina lililozoeleka hivyo. Huitwa malaria, huitwa homa ya matumbo, huitwa uchovu wa kazi au ugonjwa wa viungo, na mara nyingi mgonjwa hupona nusu na kuugua tena kabla ya yeyote kuulinganisha na kile kilichotokea zizini.

Upo katika kundi moja na kichaa cha mbwa, kimeta na homa ya Bonde la Ufa, yaani magonjwa yanayopita kutoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Tofauti yake na hayo ni ukimya. Kimeta humwangusha ng'ombe ghafla, na kila mtu bomani akajua kuna balaa. Mbwa mwenye kichaa huonekana. Ng'ombe mwenye brusela hula, hutembea na kukamwa kama wenzake, na huenda akauzwa mnadani kwa bei nzuri kwa sababu ana sura ya afya.

Sura hiyo ya afya ndiyo iliyowachanganya madaktari tangu mwanzo. Katika kisiwa cha Malta, askari wa Kiingereza waliugua kwa miaka mingi homa ndefu iliyopanda na kushuka. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kwamba ameona bakteria wake katika wengu za askari waliokufa, na jina la ugonjwa limetokana na jina lake. Hata hivyo kumjua mdudu hakukupunguza wagonjwa, kwa kuwa hakuna aliyejua anatoka wapi. Jibu lilipatikana mwaka 1905, pale daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi waliokuwa wakipitishwa mitaani na kukamwa mlangoni kwa mteja. Mbuzi hao walionekana wazima kabisa, kumbe walikuwa wamebeba bakteria walewale. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua jeshini kwa kasi. Hospitali ilikuwa imewatibu askari hao kwa miaka. Kilichowaokoa ni mtu aliyekwenda kumpima mbuzi.

Bakteria wa brusela wapo wa aina kadhaa. Aina moja hukaa zaidi kwa ng'ombe, nyingine kwa mbuzi na kondoo, na hiyo ya mbuzi na kondoo ndiyo inayomuumiza binadamu kwa ukali zaidi. Mpaka baina yao si ukuta. Katika boma la mfugaji wa Longido au Kajiado, ambako ng'ombe, mbuzi na kondoo hulala jirani na kunywa maji mamoja, aina ya mbuzi yaweza kumwingia ng'ombe.

Ndani ya mwili wa mnyama jike, bakteria hutafuta mfuko wa uzazi wenye mimba na kiwele. Mimba changa huwa haiguswi sana. Kondo la nyuma linapokomaa, bakteria huongezeka humo kwa kasi kubwa, huliharibu, na ndama hukosa lishe. Kwa hiyo ng'ombe mwenye brusela kwa kawaida hutupa mimba baada ya mwezi wa tano, mara nyingi mwezi wa saba au wa nane, wakati mfugaji ameshaanza kuhesabu ndama. Baada ya hapo kondo la nyuma huweza kugoma kutoka. Fahali naye huweza kuvimba korodani, na wanyama waliokaa na ugonjwa muda mrefu huota uvimbe wenye maji kwenye magoti ya mbele.

Linalofuata ndilo linalompoteza mfugaji. Ng'ombe aliyetupa mimba mara moja, mara nyingi hubeba nyingine na kuizaa salama. Mfugaji huona mkosi umepita. Lakini bakteria hawajaondoka. Wamehamia kwenye kiwele na tezi zilizo jirani nacho, na hutoka katika maziwa kwa miezi au miaka, na tena kwa wingi kila anapozaa. Ndama mzuri wa mwaka unaofuata si ushahidi kwamba mama yake amepona.

Hatari kubwa kuliko zote iko katika saa ile ya kutupa mimba au kuzaa. Kondo la nyuma, maji ya uzazi na ndama mfu vina bakteria kwa mabilioni, na kiasi kidogo sana kati ya hao chatosha kumwambukiza mtu. Hali ya bomani wakati huo inajulikana kwa kila aliyefuga. Ni usiku, mwanga ni wa tochi au simu. Mtu ameingiza mkono hadi kiwikoni kuvuta miguu ya ndama, mwingine anampulizia ndama puani ili avute pumzi, na michubuko ya miba iliyomo mikononi haimkumbushi yeyote lolote. Kondo la nyuma hutupwa kando na mbwa huliburuta. Mahali pengine ndama mfu huchunwa ngozi ili mama yake aendelee kushusha maziwa. Palipolowa, kama ni kivulini na kuna baridi, bakteria huweza kubaki hai kwa wiki na hata miezi, na ng'ombe wengine hupita wakinusa na kulamba. Jua kali huwaua upesi.

Kinga ya saa hiyo haihitaji vifaa vya hospitali: glavu ndefu, au mifuko mizito ya plastiki iliyofungwa begani pasipokuwa na glavu, mdomo na pua kufunikwa, mjamzito na watoto kukaa mbali, kondo la nyuma na ndama mfu kuchomwa au kufukiwa shimo refu ambalo mbwa na fisi hawawezi kulifukua, pamoja na udongo na majani yaliyolowa. Ng'ombe aliyetupa mimba atengwe na wenzake hadi uchafu wa uzazi ukome kutoka. La mwisho ni gumu, na lisemwe wazi: kwa mwenye ng'ombe wengi wanaochungwa pamoja kwenye nyanda kavu, kumtenga mmoja ni kumtafutia majani na maji yake peke yake.

Njia ya pili ni maziwa, na hapa ipo imani moja inayoumiza watu wengi. Wapo wanaoamini kwamba maziwa yakigandishwa kibuyuni, uchachu wake huua wadudu. Uchachu hupunguza baadhi ya bakteria, lakini kwa brusela si kinga ya kutegemea. Maziwa ya mgando, siagi na jibini vilivyotokana na maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa. Moto ndio unaomaliza kazi. Viwandani, maziwa hupashwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, yakichemka na kupanda sufuriani yanatosha, na anayetaka mgando achemshe kwanza, apooze, kisha agandishe kwa kutia kijiko cha mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa vilevile. Nyama iliyoiva vizuri ni salama zaidi. Damu mbichi si salama.

Mtu akishaambukizwa, homa huanza kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine baada ya miezi. Hupanda jioni na kushuka asubuhi. Usiku jasho hulowanisha shuka. Mgongo, nyonga na magoti huuma, hamu ya chakula hupotea, na mtu aliyezoea kutembea siku nzima nyuma ya ng'ombe hushindwa kuinuka. Mwanamume huweza kuvimba korodani. Mwanamke mjamzito huweza kupoteza mimba. Bakteria wakikaa kwenye uti wa mgongo, maumivu na picha ya eksirei huweza kufanana sana na kifua kikuu cha mifupa. Katika wagonjwa wachache hufika kwenye vali za moyo, na hiyo ndiyo njia kubwa ambayo ugonjwa huu, usioua mara nyingi, huua.

Hakuna hata dalili moja kati ya hizo inayosema kwa sauti kwamba hii ni brusela. Utafiti uliofanywa Moshi, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2007 na 2008 ulionyesha uzito wa jambo hili. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili walifuatiliwa kwa vipimo vya kina. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528. Vipimo vilithibitisha malaria kwa 14 tu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: brusela, homa ya mgunda, homa ya Kyu na mengine. Hata mmoja hakuwa ameandikiwa ugonjwa wa kundi hilo alipolazwa.

Mfano wa kaya moja, uliojengwa kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara, unaonyesha jinsi habari zinavyopotea njiani. Mtamba aliyetolewa mahari anafika bomani akiwa na mimba. Mwezi wa saba anaitupa. Mama mwenye boma ndiye aliyemsaidia, kwa mikono mitupu. Afisa mifugo anapita baada ya siku kumi kwa kazi ya kuogesha, anaambiwa, anaandika katika daftari lake: ng'ombe mmoja, kutupa mimba. Wiki ya tatu mama anashikwa na homa. Zahanati inampima malaria, hana. Anapewa dawa za kutuliza maumivu na za homa ya matumbo, na daftari la zahanati linaandikwa: homa, mwanamke, miaka 34. Anapata nafuu kwa wiki mbili, kisha homa inarudi na mgongo unaanza kuuma. Anakwenda duka la dawa, halafu kwa mganga wa mitishamba, na mwezi wa tatu anafika kituo cha afya akiwa amepungua kilo nane. Tabibu wa huko anauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla: "Mama, nyumbani mnafuga? Kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni?" Kuanzia hapo kila kitu kinakwenda haraka. Maandishi mawili yaliyohitajika yalikuwepo tangu mwanzo, katika madaftari mawili, na kati ya ofisi hizo mbili hapakuwa na umbali wa kilomita moja.

Kipimo kinachotumika sana kuanzia hapo huitwa rozi bengali, kutokana na rangi ya waridi ya dawa yake. Tone la majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na tone la dawa hiyo juu ya kigae cheupe, kisha kigae huyumbishwa polepole kwa dakika nne. Mchanganyiko ukibaki laini, jibu ni hapana. Ukianza kugawanyika kuwa chembechembe kama maziwa yaliyokatika, kingamwili za brusela zipo. Ni kipimo rahisi, na hicho hicho hutumika kwa ng'ombe na mbuzi. Vipo vipimo vya haraka vya aina nyingine vilivyoenea katika vituo vya Kenya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kimojawapo kinawapa watu wengi wasio na brusela jibu la kwamba wanayo, wakameza dawa za wiki nyingi bure huku ugonjwa wao halisi ukiachwa.

Hata kipimo kizuri kina mpaka wake. Kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, na mfugaji hukutana na bakteria tena na tena. Kwa hiyo jibu la ndiyo kwa mtu asiye na homa wala maumivu si sababu ya kumtibu. Kuotesha bakteria wenyewe kutoka kwenye damu ndiko kunakotoa uhakika, ila huchukua siku nyingi, huhitaji maabara yenye ulinzi mkali, na wataalamu wa maabara ni miongoni mwa watu wanaoambukizwa brusela kazini.

Tiba ipo na hufanya kazi, kwa sharti kwamba iwe ya dawa mbili na iwe ndefu. Bakteria hawa hujificha ndani ya seli za mwili zilizopaswa kuwaua, hivyo dawa moja ya wiki moja huwanyamazisha tu. Utaratibu uliozoeleka kwa mtu mzima ni doksisaiklini mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na sindano za streptomaisini za kila siku kwa wiki 2 hadi 3, au rifampisini kwa wiki zote 6. Wajawazito na watoto wadogo hupangiwa dawa nyingine. Homa huweza kutoweka katika siku chache za mwanzo, na hapo ndipo wengi huacha. Kwa sababu streptomaisini na rifampisini ni dawa za kifua kikuu pia, tabibu anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba mgonjwa hana ugonjwa huo. Kumpa dawa nusunusu mwenye kifua kikuu ni kuwafundisha bakteria wake usugu.

Mama wa mfano wetu atapona kwa dawa hizo, arudi nyumbani, akamue ng'ombe yuleyule, aambukizwe tena. Hapa ndipo kazi ya hospitali inapogota, kwa kuwa mnyama hatibiwi. Dawa za muda huo wote kwa ng'ombe ni ghali, na bakteria hubaki katika tezi zake. Nchi zilizofaulu kuufuta ugonjwa huu zilipima makundi yote, zikachinja wagonjwa na kuwalipa wenye mali. Pasipo malipo, sheria ya kuchinja huzaa jambo baya zaidi: mfugaji humpeleka mnyama mnadani kimyakimya, na ugonjwa huhamia boma jingine. Mfugaji huyo si mtu mbaya, kwani ng'ombe ndiye ada ya shule na akiba ya njaa.

Kinachobaki kwa nyanda za wafugaji ni chanjo. Mitamba huchanjwa kwa S19 ikiwa na umri wa miezi mitatu hadi minane. Mbuzi na kondoo huchanjwa kwa Rev.1, ambayo yaweza kutolewa kama tone la jicho. Na ipo RB51 ya ng'ombe. Zote ni bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo zina masharti. Mnyama mwenye mimba akichanjwa huweza kuitupa. Aliyechanjwa S19 akiwa mkubwa huweza kuonekana mgonjwa katika vipimo kwa muda mrefu. Na mchanjaji akijichoma sindano, au tone likimrukia jichoni, anaweza kuugua mwenyewe. Rev.1 haisikii streptomaisini, na RB51 haisikii rifampisini. Daktari wa binadamu atakayempokea mchanjaji huyo asipojua ni chupa gani iliyotumika, anaweza kumwandikia dawa isiyofanya kitu.

Katika jambo dogo kama hilo la chupa ndimo linapoonekana wazo linaloitwa Afya Moja: kwamba afya ya watu, ya mifugo na ya mazingira wanamoishi ishughulikiwe pamoja na wataalamu wanaopeana habari. Kwa brusela, utafiti uliofanywa Kenya mwaka 2012 na 2013 ulipima watu na mifugo katika kaya zilezile, zaidi ya 1,000, katika kaunti za Marsabit, Kajiado na Kiambu. Marsabit karibu nusu ya watu walikuwa na kingamwili za brusela. Kiambu ni kama wawili katika kila mia. Kaya yenye mnyama aliyeambukizwa ilikuwa na uwezekano wa takriban mara sita zaidi wa kuwa na mtu aliyeambukizwa. Maana yake kwa kazi ya kila siku ni hii: jibu la damu ya mbuzi linaweza kumwonyesha tabibu nyumba ya kutembelea, na homa ya mtu inaweza kumwonyesha afisa mifugo zizi la kupima.

Serikali za eneo hili zimeanza kujenga daraja hilo. Kenya ina kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kwa ajili ya magonjwa haya, na Tanzania ilizindua mwaka 2018 dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Brusela imo katika orodha ya magonjwa ya kipaumbele ya nchi zote mbili. Ngazi ya taifa ndiyo rahisi. Kilicho kigumu ni ngazi ya kata, ambako afisa mifugo na mganga wa zahanati kila mmoja hupeleka taarifa kwa mkubwa wake, na taarifa hizo hupanda hadi juu bila kukutana.

Suala la nani alipe nalo lilishapigiwa hesabu, nchini Mongolia, ambako wafugaji huteswa sana na brusela. Wachumi na madaktari walikadiria mpango wa miaka kumi wa kuchanja mifugo. Ukihesabu faida ya ng'ombe na kondoo pekee, au hospitali pekee, mzigo huonekana mkubwa kwa kila upande. Walipojumlisha maziwa na nyama vilivyookolewa, gharama za matibabu, na siku za kazi ambazo wagonjwa hawakupoteza, kila dola moja ya chanjo ilirudisha zaidi ya dola tatu. Kama kila sekta ingechangia kulingana na faida yake, wizara ya afya ingelipa kiasi cha asilimia 11 tu ya gharama. Hesabu hizo ni za Mongolia, si za Afrika Mashariki.

Kwa mfugaji, mambo mawili hayasubiri bajeti ya mtu. Mnyama akitupa mimba, afisa mifugo aarifiwe siku hiyohiyo, kabla mbwa hawajafika. Na mtu wa boma hilo akishikwa na homa katika miezi inayofuata, asingoje kuulizwa: amwambie tabibu kwamba anafuga, anakunywa maziwa ya namna gani, na ni mnyama yupi aliyetupa mimba.